Kwa nini mashine ya RO chini ya sinki inatoa maji polepole: utando, presha ya tangi na filta za mwanzo katika nyumba za Dodoma

Mashine ya RO ni mtambo mdogo wa kusafisha maji ya kunywa unaofungwa ndani ya kabati la chini ya sinki. Herufi hizo mbili kwenye boksi zinasimamia osmosisi ya kinyume: maji yanasukumwa kwa presha yapite kwenye utando mwembamba sana, ambao unaachia maji yenyewe na kuzuia sehemu kubwa ya chumvi zilizoyeyuka ndani yake. Filta ya kawaida ya mkaa au ya udongo haiwezi kazi hiyo, na kuchemsha ndiyo kabisa, kwa sababu maji yanapopungua kwa mvuke chumvi inabaki palepale kwenye sufuria.

Sababu ya Wanadodoma kuinunua inaonekana ndani ya birika. Maji ya jiji kwa sehemu kubwa yanatoka ardhini, kwenye visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Uwanda wa kati una mvua ya msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, ambayo kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, huku jua na upepo vikiweza kukausha maji mara kadhaa ya kiasi hicho. Rekodi za visima vya Makutupora, zilizoanza miaka ya 1950 na kuchambuliwa na wanasayansi katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, zinaonyesha kuwa hazina ya chini haijazwi kila mwaka. Inajazwa hasa katika misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Maji yanayokaa muda mrefu namna hiyo kwenye mawe na udongo wa nchi kame huyeyusha kalisi na chumvi nyingine, ndipo tunapopata ule ukoko mweupe kwenye birika, sabuni isiyotoa povu, na chai yenye ladha ya kisima. Ukienda magharibi hadi Singida kuna visima ambavyo shida yake ni floridi, nayo haina ladha wala ukoko. Utando wa RO huipunguza kwa kiasi kikubwa.

Basi mashine inafungwa, miezi ya mwanzo inaenda vizuri, halafu malalamiko yanaanza: inatoa maji polepole. Fundi anaitwa, anachungulia kabati, anasema, “Mama, membreni imekufa hii, tununue nyingine.” Pengine ni kweli. Mara nyingi, hasa katika nyumba zinazotegemea tangi la juu ya mnara, si kweli, na membreni mpya, yaani utando mpya, itatoa maji polepole vilevile.

Kabla ya kumlaumu yeyote, ni lazima kujua ni upole wa namna gani. Mashine hizi hazitengenezi maji unapofungua bomba. Zinayatengeneza muda wote kidogo kidogo na kuyahifadhi kwenye tangi dogo la chuma lenye hewa ndani, na unapofungua bomba unachota akiba. Kwa hiyo kuna ulegevu wa aina mbili. Wa kwanza, bomba linatiririka kama uzi hata tangi likiwa limejaa. Hapo shida iko kwenye tangi lenyewe, au kwenye filta ya mwisho iliyo kati ya tangi na bomba. Wa pili, bomba linatoka kwa nguvu kwa glasi mbili tatu kisha linakata, na tangi linachukua usiku kucha kujaa tena. Huo ndio ulegevu wa kutengeneza maji.

Presha inavyogawanyika

Kasi ya utando inaamuliwa na kitu kimoja kuliko vyote: presha inayobaki baada ya makato. Tutumie kipimo cha baa, ambapo baa 1 ni sawa na uzito wa maji yaliyosimama wima mita 10. Presha inayoingia kwenye utando inakatwa mara mbili kabla haijafanya kazi. Kato la kwanza ni la chumvi yenyewe. Maji ya chumvi yana tabia ya kuvuta maji safi yarudi upande wake, na nguvu hiyo ni takriban baa 0.07 kwa kila miligramu 100 za chumvi katika lita. Maji ya miligramu 700 kwa lita yanakata kama baa 0.5. Kwa kuwa chumvi inazidi kukolea kadiri maji yanavyopita mbele ya utando, tuseme 0.6. Kato la pili ni la tangi, kwa sababu maji yaliyotengenezwa yanasukumwa kuingia mahali ambapo tayari kuna hewa iliyobanwa.

Presha halisi = presha ya kuingia − kato la chumvi − presha ya tangi

Utando wa kawaida wa nyumbani una kibandiko kinachosomeka 75 GPD, yaani galoni 75 kwa siku. Hizo ni lita 284, au karibu lita 12 kwa saa, au mililita 197 kwa dakika. Namba hiyo haikutolewa jikoni kwa mtu. Imepimwa kiwandani kwa maji ya nyuzi 25, yenye chumvi kidogo, yakisukumwa kwa presha ya kati ya baa 3.5 na 4 hivi, bila tangi upande wa pili. Nyumbani unapata sehemu tu ya hapo, na ni kiasi gani kinategemea zile tarakimu tatu za juu. Kwa hesabu ya haraka, utando huu hutoa kama mililita 50 kwa dakika kwa kila baa moja ya presha halisi.

Sasa tuje kwenye nyumba ya Dodoma. Kwa sababu ya mgao, maji ya bomba la mtaani hayaingii moja kwa moja jikoni. Yanapanda kwenye simtanki juu ya mnara, kisha yanashuka ndani kwa uzito wake. Mnara wa mita 4, ukiongeza kina cha maji ndani ya simtanki na kuondoa kimo cha sinki, unampa mtu kama mita 4.5 za maji. Hiyo ni baa 0.45. Chumvi peke yake inakata 0.5. Kwa maneno mengine, mashine isiyo na pampu, ikifungwa chini ya mnara huo kwa maji hayo, haina presha yoyote iliyobaki ya kufanyia kazi. Matone machache yatapita, kwa sababu utando unavuja chumvi kidogo na mvutano unapungua, lakini yatakuwa machache na yenye chumvi zaidi ya inavyotakiwa. Kuongeza mnara ufike mita 6 hakusaidii kitu. Ungehitaji mnara wa zaidi ya mita 30 kufikia presha ambayo wenye viwanda wanaitaka, nayo kwa kawaida ni karibu baa 3.

Ndiyo maana katika nyumba ya simtanki kifaa cha kwanza cha kuangalia ni pampu. Mashine nyingi zinazouzwa zina pampu ndogo ya volti 24 ambayo hupandisha presha hadi baa 5 hivi. Kwa maji yaleyale ya miligramu 700 na tangi likiwa tupu, 5 ukitoa 0.6 na 0.5 inabaki 3.9, sawa na mililita 195 kwa dakika. Hapo mashine inafanana na kibandiko chake. Ambaye muuzaji alimwambia “hii haihitaji umeme, inajiendesha yenyewe” aliambiwa kweli kuhusu nyumba inayopata baa 3 mfululizo kutoka bomba la mtaani. Hakuambiwa kweli kuhusu nyumba yake.

Utando

Utando ni karatasi ya plastiki yenye tabaka tatu, iliyoviringishwa kwenye bomba lenye matundu na kuingizwa kwenye kasha refu jeupe. Tabaka la juu linalozuia chumvi ni la poliamaidi, jembamba mno kiasi cha kutoonekana kwa macho. Maji yanaingia upande mmoja, sehemu yake inapenya hadi katikati na kutoka kama maji safi, na iliyobaki inatoka na chumvi zote kwenda kwenye bomba la kutupa. Kwenye bomba hilo la kutupa kuna kibanio kidogo cha plastiki, chenye tundu jembamba, ambacho ndicho kinachoshikilia presha ndani ya kasha. Bila kibanio maji yote yangekimbilia kwenye kutupwa.

Utando unakuwa mzito kwa njia mbili zinazofanana kwa nje. Unaweza kuzibwa na uchafu laini, udongo na utelezi wa vijidudu, ambao hujaa upande maji yanakoingilia. Au unaweza kushikwa na ukoko wa kalisi, uleule wa birika, ambao huanzia upande wa pili, kule ambako chumvi imekolea kabla ya kutupwa. Kwa maji ya Mzakwe ukoko ndio adui wa kawaida. Dalili yake ni kwamba maji ya kutupwa yanatoka kwa kiasi kilekile cha siku zote, lakini maji safi yamepungua, na pole pole chumvi kwenye maji safi nayo inaanza kupanda.

Kuna uharibifu mwingine ambao watu huuchanganya na huu ilhali unakwenda kinyume. Klorini hula poliamaidi. Kama filta ya mkaa imechoka, au mtu amemimina dawa ya klorini kwenye simtanki kwa kuogopa kipindupindu, utando unatoboka taratibu, na utando uliotoboka hautoi maji polepole. Unatoa kwa kasi kuliko ulivyokuwa mpya. Mwenye nyumba anafurahi mashine imepona. Kalamu ya kupimia TDS, ile inayouzwa kwa bei ndogo na kuonyesha namba ya chumvi kwa miligramu kwa lita, ndiyo itakayomwambia ukweli: maji yaliyoingia na 700 yanatoka na 300. Utando mzima, ukiwa na presha ya kutosha, hutoa maji yaliyopungua chumvi kwa asilimia 90 na zaidi.

Baridi nayo ina sehemu yake. Kila nyuzi moja ya joto inayoshuka hupunguza kasi ya utando kwa takriban asilimia 3, kwa sababu maji yanakuwa mazito kupenya. Juni na Julai, usiku wa Dodoma unaweza kushuka hadi nyuzi 13 au 14, na simtanki iliyo wazi juu ya mnara inafuata hewa. Maji ya nyuzi 19 asubuhi yatatoka pungufu kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na yale ya nyuzi 30 ya mchana wa Oktoba. Malalamiko mengi ya mwezi wa saba yangeisha yenyewe mwezi wa tisa kama mtu angevumilia.

Tangi dogo

Ndani ya tangi la chuma kuna mfuko wa mpira. Maji yanaingia upande mmoja wa mpira, hewa iko upande mwingine, na hewa hiyo ndiyo inayoyasukuma maji yatoke unapofungua bomba. Kiwandani hujazwa hewa ya psi 5 hadi 8, yaani baa 0.35 hadi 0.55, kipimo kinachochukuliwa tangi likiwa tupu kabisa. Neno “tupu” ndilo linalosahaulika. Ukipima tangi lenye maji, unasoma presha ya maji yaliyolibana, si hewa uliyoiweka, na unaweza kuona psi 20 ukadhani kila kitu kiko sawa.

Maji yanavyoingia, hewa inabanwa na presha ya tangi inapanda. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Katika mashine isiyo na pampu, yenye baa 3 za bomba la mtaani, presha halisi wakati tangi likiwa tupu ni 3 ukitoa 0.6 na 0.5, yaani 1.9. Tangi likikaribia kujaa linafika kama baa 2, na hapo presha halisi ni 0.4. Kasi imeshuka karibu mara tano bila kitu chochote kuharibika. Vali ya kujizima imetengenezwa kufunga pale presha ya tangi inapofika karibu theluthi mbili ya presha ya kuingia, yaani hapohapo kwenye baa 2. Glasi ya mwisho kuingia kwenye tangi ndiyo inayochukua muda mrefu kuliko zote, na ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Hewa ikizidi, hasara iko kwenye nafasi. Tangi lenye ujazo wa lita 12 kwa jumla, likiwa na hewa ya baa 0.5, linapofika baa 2 hubeba kama lita 6 za maji. Ukiijaza hewa hadi baa 1, kwa nia njema ya kuongeza nguvu ya bomba, kwenye baa 2 zilezile linabeba lita 4 tu, na utando unapambana na presha kubwa tangu tone la kwanza. Mtu ataona bomba lina nguvu na maji yanakatika haraka, atasema mashine haitengenezi. Hewa ikipungua mambo ni kinyume: tangi linameza maji mengi, ukilinyanyua ni zito, lakini bomba linadondosha tu na lita za mwisho hazitoki. Na kama mpira umepasuka, ukibonyeza kipini cha vali ya hewa maji yatakurukia usoni. Tangi hilo halitengenezeki, linabadilishwa.

Vali ya hewa imefichwa chini ya kifuniko kidogo cha plastiki, mara nyingi cha buluu, karibu na kitako cha tangi. Ni vali ileile ya tairi la pikipiki. Lakini usilipeleke kwenye kompresa ya mtu wa pancha. Kipimo chake kimetengenezwa kusoma 30 na 40, sindano inaruka chini ya 10, na mlipuko mmoja wa hewa unaweza kuupasua mpira. Pampu ya mkono na kipimo kidogo cha namba za chini vinatosha. Funga maji yanayoingia kwenye mashine, fungua bomba hadi liishe, nyanyua tangi kuhakikisha ni jepesi, jaza hadi psi 7, kisha fungua maji tena.

Filta za mwanzo

Kabla ya utando kuna filta tatu kwenye makasha ya wima. Ya kwanza ni nyeupe, ya nyuzi za plastiki zilizosokotwa, inayokamata mchanga na tope la zaidi ya maikroni 5. Ya pili na ya tatu ni za mkaa, moja ya chembechembe na nyingine ya mkaa uliogandamizwa kuwa kitu kigumu. Kazi ya mkaa ni kuondoa klorini isifike kwenye utando. Kazi ya ile nyeupe ni kuhakikisha mkaa hauzibiki.

Katika nyumba yenye presha kubwa filta iliyochafuka kiasi haionekani, kwa sababu presha inaisukuma hivyohivyo. Chini ya mnara, ambako kuna baa 0.45 tu ya kuvuka filta zote tatu, kila safu ya tope inahesabika. Na tope linakuja kwa vipindi. Maji ya mgao yanaporudi baada ya siku mbili tatu yanabeba kutu na udongo uliotulia kwenye mabomba, yanaingia kwenye simtanki, na filta iliyokuwa nyeupe inageuka kahawia nyekundu ndani ya wiki chache. Kijitabu kinasema badilisha kila miezi sita. Kijitabu kiliandikwa mahali ambako maji hayakatiki.

Mashine yenye pampu inakupa dalili ya kusikia. Upande wa kuingia wa pampu una swichi ya usalama inayozima mota pale presha inapokuwa ndogo mno, ili pampu isizunguke kavu. Filta zikiziba, pampu inavuta maji kuliko yanavyokuja, presha inashuka, swichi inazima. Maji yanajikusanya, swichi inawasha. Ukisikia tik, mngurumo mfupi, tik, kimya, tena na tena, usiguse utando. Anza na filta nyeupe.

Nyumba moja Ilazo

Tuchukue mfano mmoja mpaka mwisho. Nyumba ina simtanki kwenye mnara wa mita 4, mashine ya filta tano yenye pampu, utando wa 75 GPD, na kibanio kilichoandikwa 300, yaani mililita 300 kwa dakika za maji ya kutupwa. Ni Julai. Zamani tangi lilijaa ndani ya saa moja. Sasa linachukua saa kadhaa, na bomba limelegea. Fundi ameshataja bei ya membreni.

Kinachohitajika ni jagi lenye alama za mililita, simu yenye saa, na kalamu ya TDS. Tangi linafungwa kwa vali yake ya juu ili lisishiriki kwenye kipimo. Bomba la jikoni linafunguliwa na kuachwa dakika kadhaa mpaka mtiririko utulie, kisha maji ya dakika moja yanakingwa: mililita 60. Bomba la maji ya kutupwa linachomolewa kwenye mfereji wa sinki, na dakika yake inatoa mililita 110. Maji yanayoingia yanasoma 720, yanayotoka 60.

Namba hizi zinazungumza. Maji safi yamepungua, lakini na ya kutupwa yamepungua, yote kufika karibu theluthi moja ya kawaida. Kama utando peke yake ndio ungekuwa umeziba, ya kutupwa yangebaki karibu 300. Kama kibanio ndicho kilichoziba, ya kutupwa yangeshuka peke yake. Vyote viwili vikishuka pamoja, shida iko nyuma, kabla ya utando. Na chumvi bado inapungua kwa zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo utando haujatoboka. Pampu nayo inawaka na kuzima.

Hatua inayofuata ni kuchomoa bomba jembamba linaloingia kwenye pampu na kulielekeza kwenye jagi. Mashine inahitaji pale angalau nusu lita kwa dakika, yaani jumla ya maji safi na ya kutupwa. Zinatoka mililita 200. Filta nyeupe inabadilishwa: 300. Haitoshi. Filta ya mkaa mgumu inabadilishwa: 700. Pampu inarudishiwa bomba lake, inanguruma bila kukatika, na vipimo vinarudiwa. Ya kutupwa 290, safi 140.

Je, 140 ni pungufu ya 197? Maji ya asubuhi hiyo yana nyuzi 19, sita chini ya kipimo cha kiwandani, na hilo pekee linashusha matarajio hadi kama 160. Utando kwa hiyo unafanya kazi karibu asilimia 87 ya upya wake. Una ukoko kidogo, haujafa. Kuubadilisha sasa kungeleta mililita 20 kwa dakika kwa gharama kubwa kuliko filta mbili zilizoleta 80. Mwisho tangi linamwagwa na kupimwa hewa: psi 2. Linajazwa hadi 7, na bomba linapata nguvu yake. Kulikuwa na matatizo mawili tofauti yaliyokuja kwa jina moja.

Kama vipimo vingekuwa 290 na 50, hukumu ingekuwa nyingine. Hapo utando ndio mwenye kesi. Kuusafisha kwa maji yenye asidi ya ndimu kunaweza kuyeyusha ukoko wa kalisi kwa muda, lakini silika ikishagandamana haitoki kwa ndimu wala siki, na maji ya moto yatauharibu kabisa. Nyuzi 45 ndiyo karibu mwisho wake.

Maji ya kutupwa

Katika mji wa mgao ulegevu una gharama nyingine isiyoonekana bombani. Wakati tangi linajaa, mashine inatupa lita mbili au tatu kwa kila lita moja safi. Presha ikiwa ndogo uwiano unaharibika zaidi, kwa sababu kibanio kinaendelea kupitisha maji hata pale utando unapopitisha matone. Na kama vali ya kujizima haifungi, au vali ndogo ya kuzuia maji yasirudi nyuma kutoka kwenye tangi imechoka, mashine haipumziki kamwe: mililita 300 kwa dakika ni lita 432 kwa siku kwenda kwenye mfereji. Simtanki ya lita 1,000 inakwisha ndani ya siku mbili na kitu, kabla hujaoga wala kupika.

Kulijua hilo ni rahisi. Subiri tangi lijae na pampu inyamaze, au kwa mashine isiyo na pampu, funga vali ya tangi na bomba la jikoni kwa dakika kumi. Kisha chomoa bomba la kutupa kwenye mfereji ulitazame. Likikauka, vali zinafanya kazi. Likiendelea kutiririka, jaribu kufunga vali ya tangi kwenye mashine yenye pampu: mtiririko ukikoma hapo, maji yalikuwa yanarudi kutoka kwenye tangi, na vali ya kubadilisha ni ile ndogo ya kuzuia kurudi, iliyofungwa kwenye mdomo wa maji safi wa kasha la utando. Usipokoma, ni vali ya kujizima. Vyote viwili ni vipande vya plastiki vya bei ya chini, na mpaka vipatikane, bomba la kutupa linaweza kuelekezwa kwenye ndoo ya kupigia deki au ya kumwagia chooni. Kwenye mchicha usiyapeleke maji hayo kila siku. Chumvi yote iliyozuiwa na utando iko humo.